Miamala inayofanana na nakala zake: namna ya kuunganisha taarifa za akaunti

Mtu anayeweka hesabu za biashara kwa kupakua taarifa za akaunti kutoka benki hupakua mara nyingi zaidi ya moja kwa mwezi, na kwa kuwa huogopa kuacha siku yoyote nyuma, kila faili jipya huanza siku chache kabla ya pale faili lililotangulia lilipoishia. Tahadhari hiyo ni nzuri, lakini huzaa siku zinazoonekana katika mafaili mawili, na mafaili hayo yakiunganishwa, kila muamala wa siku hizo hujitokeza mara mbili. Hapo ndipo wengi hubonyeza amri ya Excel iitwayo `Remove Duplicates`, ambayo hulinganisha mistari ya jedwali na kubakiza mmoja tu katika kila kundi la mistari iliyo sawa. Amri hiyo haina njia ya kujua kama mistari miwili inafanana kwa sababu ni muamala mmoja uliopakuliwa mara mbili, au kwa sababu wateja wawili wamelipa kiasi kilekile siku ileile.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana katika mfano mdogo. Duka moja lina faili la kwanza linaloanzia tarehe 1 hadi 18 Machi, na la pili linaloanzia tarehe 15 hadi 31. Mwisho wa tarehe 14 salio, yaani fedha iliyobaki katika akaunti, lilikuwa shilingi 340,000. Katika siku zinazopishana, yaani zile zilizomo katika mafaili yote mawili, kuna miamala mitatu tu: tarehe 16 zimeingia shilingi 25,000, siku hiyohiyo zimeingia tena shilingi 25,000 zenye maelezo yaleyale, na tarehe 17 zimetolewa shilingi 60,000. Salio sahihi baada ya hapo ni 330,000. Mafaili yakiunganishwa bila kuchujwa, mistari inakuwa sita na salio linasomeka 320,000. Yakichujwa kwa amri ile, inabaki mistari miwili na salio linakuwa 305,000. Inafaa kutazama tarakimu hizi kwa makini, kwa kuwa jedwali lililochujwa linaonekana safi kuliko lile lisiloguswa, ilhali ndilo lililo mbali zaidi na ukweli, na pengo lake ni shilingi 25,000 kamili, yaani malipo ya mteja mmoja yaliyofutwa.

Njia ya kutoka katika tatizo hili hutegemea jambo moja ambalo kwa kawaida ni kweli: benki haiandiki muamala uleule mara mbili ndani ya faili moja. Kwa hiyo mistari inayofanana ndani ya faili moja ni miamala halisi iliyojirudia, na mfanano unaotokana na kupakua mara mbili hupatikana tu kati ya faili na faili. Kanuni inayofuata ni kwamba kwa kila kundi la mistari iliyo sawa huhesabiwa imo mingapi katika kila faili, kisha hubakizwa idadi iliyo kubwa kuliko zote. Malipo ya 25,000 yamo mawili katika faili la kwanza na mawili katika la pili, hivyo yanayobaki ni mawili, wala si manne, wala si moja.

Katika Excel kanuni hiyo hutekelezwa kwa kuipa kila mstari namba ya mrudio, yaani namba inayosema kama mstari huo ni wa kwanza, wa pili au wa tatu kati ya wenzake wa faili lake. Tuseme tarehe imo katika safu ya A, maelezo katika B, kiasi katika C, salio katika D na jina la faili katika E. Fomula ifuatayo huandikwa katika F2 na kushushwa hadi mwisho wa jedwali:

```
=COUNTIFS(E$2:E2,E2,A$2:A2,A2,B$2:B2,B2,C$2:C2,C2)
```

Malipo mawili ya tarehe 16 yatapata 1 na 2 katika faili la kwanza, na vilevile 1 na 2 katika la pili. Baada ya hapo safu ya F hunakiliwa na kubandikwa kama thamani tupu, ili namba zisijihesabu upya mistari inapofutwa, kisha `Remove Duplicates` huendeshwa kwa kuchagua safu za A, B, C na F pekee. Safu ya faili huachwa nje ya uchaguzi, na hiyo ndiyo siri ya mpango mzima: wa kwanza wa faili moja hukutana na wa kwanza wa faili jingine na mmoja wao huondoka, lakini wa kwanza na wa pili hawachanganywi kamwe.

Fomula hii ina mtego mmoja usioonekana upesi. `COUNTIFS` huichukulia alama ya nyota kuwa inasimama mahali pa herufi zozote, na maelezo ya malipo ya kadi mara nyingi huwa na nyota katikati, hivyo mistari iliyo tofauti inaweza kuhesabiwa pamoja na namba za mrudio zikapotoka. Ni bora nyota zote zigeuzwe kuwa vistari kabla ya kuhesabu, na katika kisanduku cha kutafutia huandikwa `~*` ili Excel itafute nyota yenyewe. Tarehe na viasi navyo havina budi kuwa vya namna moja katika mafaili yote, na miamala ambayo benki bado inaionyesha kuwa inasubiri huondolewa, kwa sababu ikikamilika huweza kurudi na tarehe au maelezo mengine.

Wapo wanaopendelea kuongeza salio katika safu zinazolinganishwa, wakisema kuwa malipo mawili ya 25,000 huacha masalio tofauti, hapa 365,000 na 390,000. Hoja hiyo ina nguvu, ila huvunjika pale fedha inapoingia, ikarejeshwa kwa kosa fulani, kisha ikaingia tena siku hiyohiyo: salio hupanda hadi 365,000, hushuka hadi 340,000, hupanda tena hadi 365,000, na mstari wa kwanza na wa tatu huwa sawa kwa kila kitu. Namba ya muamala nayo haitoshi ikiwa peke yake, kwa kuwa katika taarifa za M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, fedha iliyotumwa na ada yake huandikwa katika mistari miwili yenye `Receipt No.` ileile. Anayechuja kwa namba hiyo tu hupoteza mstari mmoja kati ya hiyo miwili. Salio hufaa zaidi kama shahidi baada ya kuchuja: mistari hupangwa kwa mfuatano wa benki, na kila salio hulinganishwa na lililotangulia pamoja na kiasi cha mstari huo. Mahali pa kwanza pasipolingana ndipo mstari ulipopotea au kuzidi.

Ukaguzi huo hauwezi kuachwa, kwa kuwa kanuni ya idadi kubwa ina mpaka wake. Baadhi ya programu za simu hutoa miamala ya mwisho kwa idadi maalumu badala ya siku kamili, na hivyo faili moja linaweza kukatika saa sita mchana na jingine kuanzia hapohapo. Malipo ya asubuhi yakiwa katika faili la kwanza tu na ya jioni katika la pili tu, kila faili litakuwa na moja, na moja litafutwa. Tiba yake ni kupakua upya faili linaloifunika siku hiyo yote, kuanzia muamala wake wa kwanza hadi wa mwisho.