Gemu Iko Diski Gani?

"Mjomba, nimefunga SSD lakini GTA bado inagoma vilevile," aliniambia mpwa wangu. Kompyuta yake ni ile ya ofisini iliyotumika, akaiongezea kadi ya picha. Alikuwa amenunua SSD ya gigabaiti 500, akaweka Windows mpya humo, na kompyuta ikawa inawaka haraka. Ila Grand Theft Auto V, toleo la 2015, aliliacha kwenye hadi diski ya zamani, D. Gemu husomwa pale ilipokaa. Windows kuwa kwenye SSD hakuisaidii chochote.

Nilimfungulia Task Manager, kwenye Performance, gemu ikiwa inapakia. Pale kila diski imeandikwa HDD au SSD, huhitaji kufungua kompyuta. Diski D ilikuwa imebanwa asilimia 100, na bado ilikuwa inatoa megabaiti chache tu kwa sekunde. Ukiona hivyo, mchawi wako ni diski.

Mtu atashangaa, maana hadi diski hiyohiyo ikinakili filamu hupita megabaiti 100 kwa sekunde. Tofauti ni kwamba filamu imepangwa mfululizo, na gemu inaokota vipande huku na kule: ukuta wa nyumba hii, sauti ya gari lile. Ndani ya hadi diski mna sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea kinachohama kutoka sehemu moja hadi nyingine, na kila kuhama kunakula kama milisekunde 10. Kwa hiyo ni miruko 100 hivi kwa sekunde, basi. Kila mruko ukileta kilobaiti 64, unapata megabaiti 6 tu. SSD haina kinachozunguka. Kipande popote kilipo, inakifikia kwa takriban moja ya kumi ya milisekunde.

Ndiyo maana gemu za dunia pana, ambazo husoma diski muda wote unapoendesha gari, ndizo za kupewa SSD kwanza. Kwenye hadi diski utaona barabara inachelewa kujichora au picha inakwama kona ikikatwa. Starfield ya 2023 hata kwenye mahitaji ya chini kabisa imetaka SSD. Gemu za zamani na ndogondogo ziache D, hazitadai. Na usitegemee SSD ikuongezee fremu kwa sekunde. Hiyo ni kazi ya kadi ya picha na prosesa. Wala si kila kusubiri ni kosa la diski: GTA Online ilisifika kwa kuchelewa kupakia, mpaka mwaka 2021 mtu mmoja alipogundua kwamba prosesa ilikuwa inapoteza dakika kadhaa ikisoma vibaya faili moja la megabaiti 10. Rockstar wakarekebisha.

Mpwa wangu alipojua hayo, akakata folda ya gemu na kuibandika C:\Games. Akafungua Steam, akakuta kitufe cha Install, akakibonyeza. Bando la simu likaanza kuyeyuka. Steam haifuati folda inakokwenda. Inaamini kumbukumbu zake tu.

Njia sahihi ni kuingia Settings, kisha Storage, na kuongeza diski mpya kama haimo. Halafu bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Installed Files, Move install folder, uchague diski. Kwa gigabaiti 95 hivi, kutoka kwenye hadi diski nzima, ni dakika 15 hadi 20, maana GTA imefungwa kwenye mafaili makubwa makubwa. Gemu yenye maelfu ya mafaili madogo huchukua muda mrefu zaidi kwa uzito uleule. Umeme ukikatika katikati, usianze kupakua upya. Bonyeza Verify integrity of game files, itashusha kilichopungua tu.

Na aliyekwisha kukata na kubandika kama mpwa wangu hajapoteza. Tulisimamisha upakuaji na kuuondoa, tukaihamisha folda ikiwa na jina lake lilelile mpaka hapa:

```
C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common\Grand Theft Auto V
```

Tukabonyeza Install, tukachagua C. Steam ikayakuta mafaili, ikayakagua, ikapakua kidogo tu. Hatua alizofikia kwenye gemu hazikuguswa, kwa sababu hizo hukaa kwenye Documents.

Kabla ya kuhamisha, angalia nafasi. Gemu ya gigabaiti 95 usiilete kwenye SSD iliyobakiza 100: masasisho ya Steam huhitaji nafasi ya ziada ya kufanyia kazi, na SSD iliyojaa huandika polepole. Na ukinakili kwa mkono, folda ya zamani usiifute mpaka uone gemu imefunguka mahali pake papya.