FOLENI YA NAMBARI: KIPEUO CHA 2 KIMESIMAMA WAPI?

Ningependa tuingie moja kwa moja katika ubishi ambao huzuka mabwenini kila baada ya kipindi cha hisabati. Ati nambari zisizo na mwisho zaweza kupangwa kwenye foleni, kila moja ikapewa nafasi yake? Wapo wanaocheka na kusema, "Kitu hakina mwisho, wewe utakipangaje?" Haya basi, wacha tukipange.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo foleni. Foleni yetu ina mwanzo, lakini si lazima iwe na mwisho. Sharti lake ni moja tu: ukinitajia nambari yoyote inayohusika, iwe na nafasi yake maalum, ya 5 ama hata ya milioni 5, bora ifikiwe siku moja. Chukua nambari kamili, zile chanya na hasi. Tukizipanga hivi: 0, 1, −1, 2, −2, 3, −3, hakuna itakayoachwa. Ukiniuliza −40 iko wapi, nitakujibu bila kusita kwamba iko nafasi ya 81. Lakini mtu akisema tuzimalize kwanza zote chanya ndipo hasi ziingie, maskini −1 itangoja hadi kiama. Nambari ni zile zile, ila mpangilio umeharibika. Shikilia jambo hilo, kwani ndilo kiini cha makala haya.

Sasa tuje kwa nambari za aljebra. Nambari ya aljebra ni ile iliyo jawabu la mlinganyo wa polinomia ambao vizigeu vyake ni nambari kamili. Usiogope maneno. Vizigeu ni zile nambari zinazokaa mbele ya x, x² na wenzake, pamoja na ile inayosimama peke yake mwishoni. Mlinganyo 3x − 1 = 0 hutupa 1/3, kwa hiyo 1/3 ni nambari ya aljebra. Mlinganyo x² − 2 = 0 hutupa √2, ambayo hata uikate vipi haiwi sehemu ya nambari kamili juu ya nyingine. Upo pia x⁵ − x − 1 = 0. Jawabu lake haliwezi kuandikwa kwa vipeuo vyovyote, na bado ni nambari ya aljebra. Nitazungumzia tu zile zinazopatikana kwenye mstari wa nambari, niache zile za x² + 1 = 0, ingawa hata hizo hupangika kwa njia ii hii.

Je, tutazipangaje? Wazo linalomjia mtu upesi ni kupanga milinganyo kwa vipeo: kwanza yote ya x, kisha yote ya x², kisha ya x³. Kumbe hapo tumerudia kosa la −1. Milinganyo ya x peke yake haiishi: x − 1, x − 2, x − 3, na kuendelea. Yule x² − 2 hatafikiwa hata tukihesabu usiku na mchana. Mwingine atasema tuanze na vizigeu vidogo: kwanza milinganyo yote yenye vizigeu visivyozidi 1, halafu visivyozidi 2. Nayo imekwama, maana x − 1, x² − 1, x³ − 1, x⁴ − 1 haina kikomo. Ukizuia vizigeu, vipeo vinatoroka. Ukizuia vipeo, vizigeu vinatoroka. Ni kama kufukuza kuku wawili ukiwa peke yako.

Dawa ni kuvizuia vyote viwili kwa kamba moja. Kila mlinganyo tuupe nambari tutakayoiita kimo. Jumlisha vizigeu vyake vyote ukisahau alama ya kutoa, ongeza kipeo chake cha juu kabisa, kisha utoe 1 ili hesabu ianzie kwa 1. Kwa x² − 2, vizigeu ni 1 na 2, jumla 3; ongeza kipeo 2, unapata 5; toa 1, kimo ni 4. Kwa x⁵ − x − 1 ni 3 na 5, toa 1, kimo ni 7. Sasa tazama: mlinganyo wenye kimo cha 4 hauwezi kuwa na kipeo kinachozidi 4, wala kizigeu kinachozidi 4. Kwa hivyo milinganyo yenye kimo hicho inahesabika na kwisha. Na kila mlinganyo una majawabu machache: wa x una 1, wa x² hayazidi 2, wa x³ hayazidi 3. Basi kila kimo kinaleta kikundi kidogo cha nambari, nasi tunakipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, na nambari iliyokwishaingia hairudi tena.

Twende kazini. Kizigeu cha mbele tutakiacha kiwe chanya, kwa sababu kuzidisha mlinganyo mzima kwa −1 hakubadilishi majawabu.

Kimo cha 1 kina mlinganyo mmoja tu, x = 0. Kwa hiyo 0 ndiyo ya kwanza kwenye foleni. Kimo cha 2 kina 2x, x + 1, x − 1 na x². Zinazoingia upya ni −1 na 1, nafasi ya 2 na ya 3. Kimo cha 3 kina 2x + 1, 2x − 1, x + 2 na x − 2, pamoja na mingine kama x² − 1 ambayo hairudishi ila nambari tulizo nazo. Nambari mpya ni nne: −2, −1/2, 1/2 na 2. Tumefika nafasi ya 7, na bado hatujaona kipeuo hata kimoja.

Kimo cha 4 ndicho chenye utamu. Nimeihesabu milinganyo yake, iko 28. Mingi yao haina jipya: x² − 2x inarudisha 0 na 2, x³ − 1 inarudisha 1, na x² + 2 haina jawabu kwenye mstari wetu. Lakini 3x + 1, 3x − 1, x + 3 na x − 3 inaleta sehemu na nambari kamili nne. Mlinganyo x² − 2 unaleta √2 na hasi yake, nao 2x² − 1 unaleta nusu ya √2, yaani 0.707..., na hasi yake. Milinganyo x² − x − 1 na x² + x − 1 inaleta 1.618... na 0.618..., kila moja na hasi yake. Jumla ya nambari mpya ni 12. Tukizipanga kuanzia ndogo tunapata:

−3, −1.618..., −1.414..., −0.707..., −0.618..., −1/3, 1/3, 0.618..., 0.707..., 1.414..., 1.618..., 3

Ya kwanza hapo ni ya 8 kwenye foleni nzima. Hesabu mwenyewe kwa vidole: √2 ni ya 17! Anayetaka kubisha na achukue karatasi. Jawabu la x⁵ − x − 1 nalo litaingia kimo cha 7 kisipite, kama halijaletwa na mlinganyo wa kimo kidogo zaidi. Kila nambari ya aljebra ina mlinganyo, kila mlinganyo una kimo, na kabla ya kimo hicho kuna vimo vichache vyenye nambari chache. Hivyo zamu yake itafika tu.

Aliyeuliza swali lililozaa haya yote ni Georg Cantor wa Ujerumani. Tarehe 29 Novemba 1873, akiwa na umri wa miaka 28, alimwandikia Richard Dedekind akitaka kujua kama nambari zote za mstari zinaweza kupangwa kwenye foleni. Dedekind hakuwa na jibu la swali hilo, lakini alimrudishia uthibitisho kwamba nambari za aljebra zinapangika. Cantor aliuchapisha mwaka wa 1874, na kimo tulichotumia ndicho kile kile cha makala yake. Jina la Dedekind halimo humo. Mimi naona si haki, lakini tuyaache hayo.

Katika makala yayo hayo Cantor alionyesha jibu la swali lake la kwanza: nambari zote za mstari hazipangiki. Njia rahisi zaidi ya kuliona hilo aliitoa mwaka wa 1891, nasi tutaijaribu kwenye foleni yetu. Tutatengeneza nambari kwa desimali. Kwa desimali ya kwanza, tazama desimali ya kwanza ya nambari ya 1 kwenye foleni; kwa desimali ya pili, tazama ya pili ya nambari ya 2; na kadhalika. Ukiona tarakimu 5, andika 4. Ukiona nyingine yoyote, andika 5.

Nambari ya 1 ni 0, desimali yake ya kwanza ni 0, kwa hiyo andika 5. Nambari nane za mwanzo zote hutupa 5 vivyo hivyo. Ya 9 ni −1.618033988..., desimali yake ya tisa ni 8, andika 5. Tunaendelea na 5, 5, 5 hadi mtu anaanza kusinzia. Mara tunafika ya 16, yaani 0.7071067811865475... Hesabu desimali kumi na sita: ni 5! Hapo lazima tuandike 4. Ya 17 ni √2, desimali yake ya kumi na saba ni 4, tunarudi kwa 5. Ya 18 na ya 19 nazo hutoa 5. Nambari yetu basi inaanza hivi:

0.5555555555555554555...

Je, iko nafasi ya ngapi? Si ya 16, kwa maana desimali ya kumi na sita zinatofautiana. Si ya 17, kwa maana desimali ya kumi na saba zinatofautiana. Taja nafasi yoyote, nitakuonyesha desimali ambapo haziafikiani. Na kwa kuwa ina 4 na 5 pekee, haiwezi kuwa nambari iliyojificha kwa kuandikwa kwa njia nyingine, kama vile 0.4999... ilivyo sawa na 0.5. Nambari hii haimo kwenye foleni, na foleni ina nambari zote za aljebra. Kwa hiyo hakuna mlinganyo wowote wa vizigeu kamili ambao hii ni jawabu lake.

Mtu mjanja atasema, "Si tuiingize mbele, wengine wasogee nyuma?" Ingiza. Foleni mpya itatupa, kwa kanuni ile ile, nambari nyingine iliyo nje.

Nambari za namna hii zilikuwa adimu kuonekana. Joseph Liouville alizionyesha za kwanza mwaka wa 1844, Charles Hermite akathibitisha kwamba e ni mojawapo mwaka wa 1873, na Ferdinand Lindemann akathibitisha kuhusu π mwaka wa 1882. Foleni inatuambia kwamba ziko nyingi kuliko zile zilizopangika. Haituambii, hata hivyo, nambari fulani tuliyoishika mkononi iko upande gani. Chukua e + π: hadi leo hakuna aliyethibitisha kama ina nafasi kwenye foleni ama haina.