Risasi ya milimita 2 haitoshi

Barua ya mwanafizikia wa hospitali moja kwa uongozi ilihusu ukuta mmoja: ule unaotenganisha chumba cha wagonjwa wa PET na meza ya karani.

Ukuta una risasi ya milimita 2. Kwa teknesiamu-99m, yenye mionzi ya keV 140, inatosha. Karibu yote huzuiwa. Florini-18 hutoa keV 511, na risasi hiyohiyo hupitisha karibu asilimia 79. Milimita 10 hupitisha robo.

Chanzo hapa ni mgonjwa mwenyewe, anayepumzika takriban saa nzima baada ya sindano. Hazimwi kwa swichi. Karani, kama raia yeyote, kikomo chake ni milisiverti 1 kwa mwaka.