Mchoro Mmoja Unaoongoza Mashine Nzima

Mteja amerudi karakana na ombi linaloonekana dogo. Mashine yake ya kusaga mahindi inazunguka taratibu mno, anataka puli ya mota iwe kubwa zaidi. Fundi aliyechora kila kipande kivyake kwenye kompyuta anajua maana yake: puli ikikua, mkanda hautoshi tena, mota lazima isogezwe, matundu ya boliti yahame, fremu ibadilike, na kinga ya mkanda ichorwe upya. Atafungua faili moja baada ya jingine, na akisahau moja, kosa litaonekana chuma kikishakatwa.

Iko njia nyingine. Kabla ya kuchora kipande chochote, fundi anachora mchoro mama: mistari mitupu, bila unene wala chuma. Kwa mashine hii unaonekana kutoka ubavuni. Kuna duara la puli ya mota lenye kipenyo cha milimita 200, duara la puli ya kinu lenye 100, na milimita 600 kati ya vitovu vyake. Mistari miwili inayagusa maduara hayo juu na chini. Huo ndio mkanda. Nje yake, milimita 25 kutoka mkanda, unapita mstari wa kinga. Chini ya kitovu cha mota, milimita 112, kuna mstari wa kitako. Kipimo hicho hakikubuniwa: mota ya kilowati 4 ya ukubwa wa 112M ina shafti iliyo juu ya miguu yake kwa kiasi hichohicho. Mota inanunuliwa dukani, kwa hiyo mchoro ndio unaoifuata mota.

Sasa vipande vinachorwa mahali pake. Katika FreeCAD, programu isiyolipiwa, kila kipande huazima mistari ya mchoro mama kwa zana iitwayo SubShapeBinder. Bati la kinga linafuata mstari wake, na matundu ya kitako yanapimwa kutoka kitovu cha mota. Kwa kuwa vyote vinatumia chanzo kimoja cha vipimo, vinakaa vilipotakiwa bila kuunganishwa kimoja kimoja.

Turudi kwa mteja. Mota inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Kwa puli ya 200 kwenye mota na ya 100 kwenye kinu, kinu kinafika 2,880. Puli ya mota ikiwa 250, kinafika 3,600. Mkanda uliopo una urefu wa milimita 1,675 hivi, na mteja hataki kununua mwingine. Umbali wa vitovu unaoufaa mkanda huo unapatikana kwa kanuni hii:

```
K = L - π(D + d)/2
C = (K + √(K² - 2(D - d)²)) / 4
```

L ni urefu wa mkanda, D puli kubwa, d ndogo, na C umbali wa vitovu. Jibu ni milimita 558, yaani mota inasogea karibu na kinu kwa 42. Fundi anaandika 250 na 558 kwenye mchoro mama, basi. Kitako, fremu na kinga vinajipanga upya. Matundu ya kitako aliyafanya marefu tangu mwanzo, ili mota ivutwe kidogo mkanda unapolegea. Mchoro mama unaonyesha mahali pa katikati tu pa mwendo huo.

Njia hii huharibika vipande vinapoanza kuazima kutoka kwa vyenzao. Tuseme kinga imepimwa kutoka ukingo wa fremu. Siku fremu inapotobolewa tundu jipya, kingo zake zinaweza kuhesabiwa upya, na kinga ikashika ukingo usio wake. Kibaya zaidi, fremu nayo ikipimwa kutoka kinga, programu inakwama na kuandika `The graph must be a DAG`: kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Kwa hiyo vipimo vishuke kutoka mchoro mama kwenda kwenye kipande, visirudi juu wala visiende kando. Kujua kama kazi ni imara, badilisha puli iwe 300 kwa muda, angalia ni kipande gani kimebaki nyuma au kimetoa alama ya kosa, kisha rudisha.

Tena mchoro mama unajua umbo na mahali tu. Utakubali puli ya 250 bila kunung'unika, ingawa kutoka 2,880 hadi 3,600 nguvu inayovuta vinyundo kwenda nje inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu, na mota ya kilowati 4 inaweza kulemewa. Swali hilo anaulizwa aliyetengeneza vinyundo, kabla ya mtu kuwasha swichi.