Chupa ya sabuni ikirudi, gharama inapungua

Mtengenezaji wa sabuni ya maji akihesabu gharama, hukumbuka malighafi na kusahau chupa. Tuchukue mfano. Ndoo ya lita 20 inajaza chupa 40 za nusu lita. Kama chupa mpya unainunua shilingi 300, chupa peke yake zinakula shilingi 12,000.

Sasa mwambie mteja: rudisha chupa yangu, nikupunguzie shilingi 100. Zikirudi 25, utanunua mpya 15 kwa shilingi 4,500, na punguzo ulilotoa ni shilingi 2,500. Jumla ni shilingi 7,000. Umeokoa 5,000 kwa kila ndoo, ukitoa gharama ndogo ya maji na brashi ya kuoshea. Mteja anayebana matumizi naye ana sababu ya kurudi kwako badala ya kwenda duka la jirani. Ila punguzo likikaribia bei ya chupa mpya, huokoi kitu.

Kazi iko kwenye kuosha. Tumia maji ya vuguvugu, siyo yanayochemka, kwa sababu chupa nyingi nyepesi hujikunja kwa joto kali. Sugua ndani na kwenye nyuzi za kifuniko, suuza kwa maji safi, kisha zipange midomo chini mpaka zikauke kabisa. Maji yaliyobaki ndani huizimua sabuni na kuifanya iharibike mapema. Utaijua kwa harufu mbaya, rangi ya ukungu na wepesi usio wa kawaida. Ukishajaza, igeuze chupa na uiminye kidogo. Ikivuja, badilisha kifuniko.

Pokea chupa zako mwenyewe tu. Chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya mifugo, dawa ya kuulia wadudu, mafuta ya taa au oili chafu usiipokee, hata ikioshwa mara tatu. Ukiwa na shaka, ijaze maji safi, ifunge usiku kucha, asubuhi uinuse. Ikitoa harufu ngeni, iweke pembeni. Lakini kukosa harufu hakuthibitishi kwamba ni salama. Kama hujui ilikotoka, iache.

Usitumie chupa za maji ya kunywa, juisi au soda. Sabuni ya rangi ya machungwa ndani ya chupa ya juisi ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Chagua chupa yenye umbo tofauti na la kinywaji, na uandike kwa herufi kubwa: SABUNI, SI KINYWAJI. Lebo ikichakaa, iloweke, futa gundi kwa mafuta kidogo ya kula, osha tena, ndipo ubandike mpya yenye tarehe ya kujaza.

Anza na wateja kumi wa karibu. Andika kwenye daftari chupa zilizotoka na zilizorudi, na baada ya mwezi utajua ni ngapi za kununua.