Slaidi Kwenye Ukuta wa LED

Skrini kubwa za LED tunazoziona mikutanoni hapa Nakuru huunganishwa kwa paneli, mara nyingi za nusu mita kila upande. Tuseme ukumbi una paneli 12 kwa upana na 3 kwa kimo. Slaidi ya kawaida ya 16 kwa 9 haitaenea: itaacha giza kando, au itavutwa. Mimi huweka slaidi ya sentimita 48 kwa 12, hivyo kila paneli ni sentimita 4. Maandishi yote huyaweka sentimita 1 ndani ya ukingo. Kisha najaribu: nachora mstari mwekundu ukingoni na duara katikati. Duara likiwa kama yai, picha imevutwa; mstari ukipotea upande mmoja, imekatwa. Basi fundi airekebishe kabla wageni hawajaketi.