Upele ndani ya familia: kwa nini mwasho hubaki baada ya dawa, na namna ya kufua nguo na matandiko

SWALI:

Sisi ni familia ya watu sita, tunaishi Kidugala, kati ya Njombe na Makambako. Kijana wetu alirudi kutoka bwenini mwanzoni mwa Juni akiwa anajikuna. Tulimpaka dawa ya BBE peke yake. Mwezi wa Julai mama yake, na mdogo wake anayelala naye, nao wakaanza kuwashwa usiku, tukawapaka hao wawili. Hadi sasa wote watatu wanawashwa. Kijana amepakwa kila siku kwa wiki nzima, ngozi imekauka na inamchoma. Nguo tumezifua kwa maji safi mpaka zimetoharika. Je, dawa ni bandia? Wapo wanaosema ni husuda. Na udhu unasihi juu ya dawa hii?

JAWABU:

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake. Amma baad.

Ndugu yetu, husuda ni haki, lakini haya uliyoyaeleza yana sababu yake inayojulikana, na humo mna mambo mawili yanayochanganywa: mwasho uliobaki na upele uliorudi. Kila moja lina dawa yake.

Upele huletwa na kidudu kidogo jamii ya utitiri. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai. Mwasho hautokani na kuumwa na kidudu. Ni mwili unaokataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Kwa mtu ambaye hajawahi kuupata, mwili huchukua hadi wiki 4 au 6 kuanza kukataa. Muda wote huo hajikuni, naye tayari anaambukiza. Ndiyo maana kijana alifika Juni, na mama na mdogo wakaanza kujikuna Julai. Walikuwa nao siku ile mlipompaka kijana peke yake, na yeye akaupata tena kutoka kwao.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ya tiba hii ni moja: watu wote sita wapakwe usiku mmoja, anayejikuna na asiyejikuna, pamoja na kila anayelala humo. Upele hupita kwa ngozi kugusana kwa muda mrefu, kama kulala kitanda kimoja au kumbeba mtoto. Kupeana mkono baada ya sala kwa kawaida hakutoshi kuuambukiza, basi asitengwe mtu msikitini. Wala pasiwe na haya ya kusema. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho uliowapata.

BBE hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, baina ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kitovuni, na sehemu za siri kwa nje. Hukaa saa 24 ndipo mtu aoge, na hurudiwa kwa idadi ya siku aliyoagiza mtoa dawa. Kisha hupakwa tena baada ya siku 7 hadi 14, kwa sababu mayai yaliyosalimika huwa yameangua. Ya watoto lazima ipunguzwe makali na mfamasia. Mjamzito na mtoto mchanga waende kituo cha afya wapewe inayowafaa.

Ama udhu, dawa hii haiachi tabaka linalozuia maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo udhu unasihi. Lakini maji huiondoa mikononi, na mikono ndipo kidudu hupenda kukaa. Basi kila baada ya udhu ipakwe tena mikononi na miguuni. Aliyewajibikiwa na josho aoge, kisha ajipake upya mwili mzima.

Sasa tuje kwenye mwasho. Dawa ikishaua vidudu, maiti zao na uchafu wao hubaki ndani ya ngozi mpaka tabaka lile lipukutike. Mwili huendelea kuvikataa, na mtu akawashwa wiki 2 hadi 4 ilhali amepona. Hapo ndipo wengi hukosea: wanadhani dawa haikufanya kazi, wanapaka kila siku, na BBE yenyewe inachoma ngozi na kuzaa mwasho mpya. Hilo ndilo linaloelekea kumpata kijana wenu. Asipake tena mpaka zamu ya familia nzima, tena baada ya mtoa dawa kuiangalia ngozi yake. Kwa sasa apakwe mafuta mepesi yasiyo na manukato, na aulize dawa ya kupunguza mwasho wa usiku.

Utajuaje kuwa ni mabaki na si upele mpya? Mwasho wa mabaki hupungua wiki hadi wiki, na vipele vya zamani hukauka. Mkiona vipele vipya au vijistari vipya baina ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, au mwasho umepita wiki 4 bila kupungua, basi upele upo, rudini hospitali. Vidonda vikitoa usaha, msisubiri.

Limebaki la nguo. Tahara ya nguo ni jambo moja, na kuua kidudu ni jambo jingine. Maji safi ya baridi yanaweza kuitoharisha nguo, na kidudu kikabaki hai kwenye mshono. Kinachokiua ni joto, au kukaa mbali na mwili. Joto la nyuzi 50 kwa dakika 10 humuua. Mbali na mwili huishi siku 2 au 3, ila penye baridi na unyevu huishi zaidi, na Kidugala ya Juni na Julai ndiyo hiyo.

Asubuhi ya kuoga dawa, kusanyeni shuka, taulo, kanga, kanzu na nguo zote zilizovaliwa siku chache zilizopita. Ziwekeni kwenye beseni, mmimine sufuria mbili za maji yaliyochemka kwa moja ya maji baridi mpaka zizame. Geuzeni kwa mti, si kwa mkono, funikeni nusu saa, kisha fueni kwa sabuni na kuanika. Siku ya ukungu isiyo na jua, pigeni pasi ya moto, hasa mishononi.

Mablanketi mazito, masweta na makoti yasiyofulika kwa moto, yafungeni kwenye mifuko ya nailoni isiyopitisha hewa. Siku 3 zingetosha penye joto, kwenu fanyeni siku 7 kamili. Magodoro yatoeni juani, kisha yafunikeni kwa nailoni chini ya shuka kwa wiki hiyo. Hakuna haja ya kupuliza dawa ya wadudu chumbani, na mafuta ya taa yasipakwe mwilini kabisa. Fueni tena hivyo hivyo siku ya dawa ya mara ya pili.

Kumsomea mgonjwa ruqya ni jambo jema, lakini haiondoi wajibu wa kuchukua sababu. Msiongeze dawa kwa mwasho unaopungua.

Tunamuomba Allah awape shifaa. Wallahu aalam.